Kranchi, sitapu na kuinua miguu: msuli upi hufanya kazi, na wakati gani

Dereva mmoja wa daladala ninayemsimamia mazoezi, mwenye kilo 70 na urefu wa sentimita 170, alikuwa na uwezo wa kupiga sitapu 50 mfululizo, yaani kulala chali na kuinuka hadi kuketi, iwapo mwenzake angemshikia miguu. Hata hivyo, alilalamika kwamba kila alipomaliza, moto aliousikia haukuwa tumboni bali kwenye mikunjo ya mapaja, na kiuno chake kilibaki kimekakamaa hadi asubuhi ya pili. Nilipomwelekeza kranchi za polepole, yaani kujikunja hadi mabega tu yaachane na sakafu, ambazo kila mtu huziona kuwa nyepesi kuliko sitapu, tumbo lilianza kutetemeka kwenye ya nane na hakufika ya kumi na mbili. Mtu anayeweza 50 za zoezi gumu anashindwaje kumaliza 12 za zoezi jepesi? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha mazoezi haya matatu, na mtu akilielewa hatahitaji tena kuuliza ni lipi kati yake lililo “la tumbo”.

Sehemu mbili zinazokunjika

Mwili unapojikunja kwa mbele kuna sehemu mbili zinazoweza kukunjika, nazo ni uti wa mgongo na nyonga. Kwa macho ya mtazamaji, mikunjo hiyo miwili hufanana, kwa sababu yote hukutanisha kifua na mapaja. Kwa misuli, ni kazi mbili tofauti kabisa.

Msuli unaokunja uti wa mgongo ni rektasi abdominisi, ambao hapa nitauita rektasi ya tumbo. Ni ukanda mrefu na bapa unaoanzia kwenye mfupa wa kinena, ukapanda mbele ya tumbo, na kujishikiza kwenye gegedu za ubavu wa tano, wa sita na wa saba pamoja na ncha ya chini ya mfupa wa kidari. Umegawanywa katikati na mstari wa kano unaoshuka kupitia kitovuni, na hukatwa tena kwa upana na kano nyingine, ambazo kwa kawaida ni tatu kila upande. Hizo ndizo zinazotengeneza vile vigawanyo ambavyo vijana huviita siksipaki. Jambo la kushika hapa si umbo lake, bali mahali unapoishia: msuli huu haugusi mfupa wa paja popote. Kwa hiyo hauwezi kuinua mguu, wala hauwezi kuikunja nyonga hata kwa nyuzi moja. Unachoweza ni kuzisogeza mbavu na kinena ili vikaribiane, au kuvizuia visiachane pale nguvu nyingine inapovivuta.

Kazi ya kukunja nyonga hufanywa na kundi jingine. Kiongozi wake ni iliosoasi, ambayo kwa hakika ni misuli miwili inayoishia mahali pamoja. Mmoja, soasi, huanzia ubavuni mwa pingili ya mwisho ya kifua na pingili za kiuno. Mwingine, iliaki, huanzia ndani ya bakuli la fupanyonga. Kisha yote miwili hushuka mbele ya nyonga na kujishikiza kwenye nundu ndogo iliyo upande wa ndani wa sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Anayeuza nyama anaijua soasi kwa jina jingine, kwa kuwa kwa ng’ombe msuli huo ndio sarara, ile nyama laini ya ndani ya kiuno inayouzwa kwa bei ya juu. Msaidizi wake mkubwa ni rektasi ya paja, ambayo huanzia mbele ya fupanyonga, hupita juu ya goti na kuishia chini yake. Kwa kuwa soasi imeshikizwa moja kwa moja kwenye pingili za kiuno, kila inapovuta paja juu huvuta pia kiuno kwa mbele. Kule kukakamaa kwa kiuno cha yule dereva kulianzia hapa.

Kabla ya kulala chini, fanya jaribio hili ukiwa umeketi kwenye kiti. Weka kidole kimoja kwenye chembe cha moyo, pale mfupa wa kidari unapoishia, na kingine kwenye mfupa wa kinena. Inua goti moja kuelekea juu huku kiwiliwili kimenyooka: paja limesogea, lakini umbali kati ya vidole viwili haujabadilika. Sasa shusha mguu, kisha jikunyate kama mtu anayeumwa na tumbo, bila kusogeza mapaja: umbali kati ya vidole umepungua. Tendo la kwanza ni la misuli ya kukunja nyonga, la pili ni la rektasi ya tumbo. Vidole hivyo viwili nitavirejea katika kila zoezi, kwa sababu ndivyo kipimo chetu.

Kranchi

Lala chali juu ya mkeka au blanketi lililokunjwa, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikiwa zimekanyaga chini, umbali wa kama sentimita 35 kutoka makalioni. Kunja mikono kifuani. Acha nafasi inayoweza kushika chungwa dogo kati ya kidevu na kifua, na nafasi hiyo isibadilike hadi mwisho wa zoezi. Anza kutoa pumzi polepole, na katika kutoa pumzi huko uzivute mbavu za chini kuelekea kwenye kinena, ukijikunja kama mkeka unaoviringishwa kuanzia juu: kichwa, mabega, kisha kombe za mabega. Zikishaachana na sakafu, ishia hapo. Mgongo wa chini unabaki umegusa mkeka, na kiwiliwili kimepanda kwa nyuzi 30 hivi. Kaa hapo kwa sekunde moja au mbili, halafu shuka kwa sekunde tatu, pingili baada ya pingili.

Ukiweka vidole viwili mahali pake, utaona umbali umepungua kwa kiasi kikubwa, huku pembe ya nyonga ikiwa vilevile. Kwa hiyo rektasi ya tumbo ndiyo mfanyakazi mkuu hapa, na misuli ya kukunja nyonga haina kazi kubwa. Ndiyo maana yule dereva alishindwa: zoezi lilimnyang’anya msaidizi aliyekuwa akimtegemea kwa miaka bila kujua.

Makosa ya kranchi ni machache lakini yameenea. La kwanza ni kukokota kichwa kwa mikono, ambako humfanya mtu aone amepanda sana kumbe kilichopanda ni shingo tu. Dalili yake ni kidevu kugusa kifua na shingo kuuma kabla ya tumbo kuchoka. Kama shingo huchoka hata bila kukokotwa, tandika taulo chini ya kichwa na mabega, ushike ncha zake mbili za juu, na ulaze kichwa ndani yake kama mtoto kwenye mbeleko, ili taulo libebe uzito wa kichwa na tumbo lifanye kazi yake. Kosa la pili ni mwendo wa kurukaruka, ambao hutumia msukumo wa sakafu badala ya msuli. La tatu ni nyayo kuinuka: hiyo ni ishara kwamba umeshapita kikomo cha kranchi na misuli ya nyonga imeitwa kusaidia. La nne ni tumbo kufura kwenda juu kila unapopanda. Mara nyingi anayefanya hivyo ameziba pumzi, na akitoa pumzi mapema tumbo hutulia.

Marudio 8 hadi 12 ya mwendo huo, kwa seti mbili au tatu, yanamtosha mtu wa kawaida. Ukifikia 15 bila kubadilisha kasi, usiongeze idadi bali ongeza ugumu: peleka vidole kando ya masikio, na baadaye ushikilie kifuani uzito wa kilo 2 hadi 5. Binafsi simwamini mtu anayeniambia anapiga kranchi 200, kwa sababu nikimwomba anipigie 10 kwa mwendo huu, karibu kila mara hesabu hubadilika.

Sitapu na hesabu ya uzito

Sitapu huanza kama kranchi na kuishia kama kitu kingine. Katika theluthi ya kwanza ya safari, mgongo unajikunja na rektasi ya tumbo inafupika. Kombe za mabega zikishaachana na sakafu na mgongo ukamaliza kujikunja, umbali kati ya vidole viwili hauendelei tena kupungua. Kuanzia hapo hadi kuketi, kinachokunjika ni nyonga, na misuli ya nyonga ndiyo inayoinua kiwiliwili. Rektasi ya tumbo haijalala. Inakaza ili mgongo usinyooke au kupinda kinyume, lakini inakaza bila kufupika, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke.

Ugumu wa sehemu hii ya pili unaeleweka kwa hesabu ndogo. Kwa wastani, miguu miwili ni takriban asilimia 32 ya uzito wa mwili, na kichwa, mikono na kiwiliwili kwa pamoja ni kama asilimia 68. Kwa dereva wetu wa kilo 70, miguu ni kama kilo 22.5 na sehemu ya juu ni kama kilo 47.5. Akilala amenyooka, kitovu cha uzito wa miguu kiko kama sentimita 37 kutoka nyonga, na cha sehemu ya juu kiko kama sentimita 31. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, kama unavyopima watoto wawili kwenye bembea ya ubao: miguu inapata takriban 830, na sehemu ya juu inapata takriban 1,470. Nyonga ndiyo mhimili wa bembea. Misuli ya kukunja nyonga inapovuta, huvuta pande zote mbili zikaribiane, na upande mwepesi ndio unaoinuka kwanza. Upande mwepesi ni miguu.

Hii ndiyo sababu miguu huruka juu mtu anapojaribu sitapu bila kushikwa, na hii ndiyo kazi halisi ya mwenzako anayekalia nyayo zako: anaongeza uzito kwenye upande mwepesi wa bembea, ili misuli ya nyonga iweze kuvuta kwa nguvu yake yote. Kumshika mtu miguu hakulisaidii tumbo, kunasaidia nyonga. Asiyeshikwa hulazimika kupunguza ile 1,470 kwa njia nyingine, yaani kwa kujikunja kwanza, ili kichwa na mabega yasogee karibu na nyonga kabla ya kupanda. Anayeweza kujikunja vizuri ndiye anayepanda bila kushikwa, na kwa hiyo sitapu isiyoshikwa hudai rektasi ya tumbo zaidi kuliko ile inayoshikwa.

Hapa pia inaanguka imani iliyoenea kwamba kukunja magoti huiondoa misuli ya nyonga kwenye sitapu. Ukikunja magoti, uzito wa miguu unasogea karibu na mhimili, upande mwepesi unakuwa mwepesi zaidi, na haja ya kushikwa inaongezeka. Nyonga bado inapaswa kukunjwa hadi uketi, na hakuna msuli mwingine wa kuikunja. Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1990 na Stuart McGill na wenzake katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, vilionyesha kwamba mgandamizo kwenye pingili za kiuno wakati wa sitapu hufikia takriban nyutoni 3,300, na kwamba kukunja au kunyoosha magoti hakuleti tofauti kubwa. Kwa kulinganisha, kiwango ambacho taasisi ya usalama kazini ya Marekani hukitumia kama alama ya tahadhari kwa kiuno cha mfanyakazi anayebeba mizigo ni nyutoni 3,400. Mtu mwenye kiuno kizima anaweza kuvumilia sitapu chache za namna hiyo. Mamia kila siku, juu ya kiuno ambacho tayari kimeketi nyuma ya usukani kwa saa 12, ni habari nyingine.

Kwa anayetaka kuifanya, hatua ni hizi. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo tu, visigino vikiwa mbali na makalio kwa sentimita 50 hadi 60, na usishikwe. Nyoosha mikono mbele juu ya mapaja. Kwa kuipeleka huko unasogeza uzito karibu na mhimili. Fanya kranchi kamili kwanza, na usiharakishe kutoka hapo. Ukishaona kombe za mabega ziko hewani na mgongo umeviringika, endelea kupanda huku visigino vikikandamiza mkeka na mgongo ukibaki mviringo, hadi mikono ipite magoti. Wakati wa kurudi, gusisha mkeka kwanza kiuno, kisha mgongo wa kati, kisha mabega, kwa sekunde tatu au nne. Marudio 5 hadi 10 yanatosha. Kadiri unavyoimarika, kunja mikono kifuani, na mwisho kabisa uipeleke kando ya masikio.

Mtazame anayefanya kutoka ubavuni na utajua msuli upi unatangulia. Kama mgongo wa chini unapinda na kuachana na mkeka sekunde ya kwanza tu, kabla kichwa hakijapanda, nyonga imetangulia na tumbo limeachwa nyuma. Kama anapanda vizuri kisha anakwama na kujirusha katikati, amefika kwenye zamu ya kupokezana, na rektasi ya tumbo imeshindwa kushikilia mviringo. Kama miguu inapepea, bembea imemshinda. Katika hali zote tatu dawa si kumkalia nyayo, bali kumrudisha kwenye kranchi kwa wiki mbili au tatu na kumpa nusu ya pili ya sitapu peke yake: aketi, kisha ajishushe polepole hadi chini, na kurudi juu kwa kujisukuma kwa mikono.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lilitumia sitapu za dakika mbili kama sehemu ya kipimo chake cha kawaida tangu mwaka 1980, na katika kipimo kipya kilichoanza kutumika rasmi mwaka 2022 nafasi ya zoezi la tumbo ilishikwa na planki, yaani kujiegemeza kwenye viwiko na vidole vya miguu huku mwili umenyooka. Anayejiandaa kwa usaili wa kazi ambao bado una sitapu za kushikwa miguu hana hiari. Lazima azizoee jinsi zinavyopimwa. Lakini azihesabu kuwa mazoezi ya mtihani, na tumbo alijenge kwa njia nyingine.

Kuinua miguu

Zoezi la tatu hugeuza bembea: sasa sehemu ya juu imelala na miguu ndiyo inayosafiri. Watu huliita zoezi la “tumbo la chini”, kwa sababu ndipo wanaposikia uchovu, na jina hilo lina ukweli mdogo na upotofu mkubwa. Rektasi ya tumbo ni msuli mmoja kutoka kinena hadi mbavuni. Hauwezi kukaza nusu na kuiacha nusu nyingine imelala, ingawa mkazo unaweza kutofautiana kiasi. Na kama tulivyoona, haujashikizwa mguuni. Anayeinua miguu ni misuli ya kukunja nyonga.

Kazi ya tumbo katika zoezi hili ni ya ulinzi. Misuli ya nyonga inapoinua kilo 22.5 za miguu, huvuta pia fupanyonga na pingili za kiuno kwa mbele, na kama hakuna wa kuzuia, fupanyonga hulala mbele, kiuno kinapinda, na uwazi unaotosha kupitisha mkono hutokea kati ya mgongo na mkeka. Rektasi ya tumbo hushikilia kinena kisishuke kutoka mbavuni. Ikishikilia, zoezi ni la tumbo na nyonga pamoja. Ikiachia, limebaki la nyonga peke yake, na kiuno ndicho kinacholipa.

Ugumu wake hubadilika kwa pembe, na hapa hesabu inamsaidia mtu asijidanganye. Miguu ya dereva wetu ikiwa wima, uzito wake uko juu ya mhimili na haudai karibu chochote. Ikishuka hadi nyuzi 60 kutoka sakafuni, ile 830 inakuwa nusu, yaani kama 415. Ikifika nyuzi 30, inakuwa kama 720. Ikifika usawa wa sakafu, ni 830 kamili. Tazama mahali mzigo unapoongezeka kwa kasi: kati ya nyuzi 60 na 30 unapanda kwa zaidi ya 300, ilhali kutoka 30 hadi chini kabisa unaongezeka kwa 110 tu. Wengi hudhani hatari iko karibu na sakafu, kumbe mgongo huwa umeshaachia zamani, miguu ikiwa bado juu.

Kwa sababu hiyo mimi hulifundisha zoezi hili kwa kuanzia juu. Tandika taulo dogo au kipande cha khanga kwa kukingama chini ya kiuno, ncha moja ikitokeza ubavuni, na mwenzako aishike ncha hiyo. Inua magoti moja baada ya jingine kuelekea kifuani, kisha nyoosha miguu juu hadi iwe wima. Kama misuli ya nyuma ya mapaja imekaza, magoti yabaki yamelegea kidogo. Toa pumzi, vuta kinena kuelekea mbavuni hadi kiuno kilale kwenye taulo, na mwenzako avute ncha taratibu bila kukurupusha. Taulo lisipotoka, uko tayari. Sasa shusha miguu yote miwili kwa sekunde nne au tano huku yeye akiendelea kuvuta vilevile. Mahali taulo linapoanza kuteleza ndipo tumbo lilipoachia, na pembe hiyo ndiyo kikomo chako cha leo. Kunja magoti mara moja, yarudishe kifuani, na uanze tena. Usiendelee kushuka kwa ushujaa.

Dereva alipojaribu kwa mara ya kwanza, taulo lilitoka kwenye nyuzi 65 hivi. Maana yake ni kwamba kila alipokuwa akiinua miguu kutoka sakafuni kwa mazoea yake ya zamani, sehemu kubwa ya safari ilifanyika bila ulinzi wowote wa tumbo. Nikampangia kushusha hadi nyuzi 70 tu, ndani kidogo ya kikomo chake, marudio 6 kwa seti tatu. Taulo lilipokuwa halitoki katika marudio yote kwa siku mbili za mazoezi, tulishuka nyuzi 5 nyingine.

Asiyeweza hata nyuzi 80 akunje magoti ili visigino vielekee makalioni, kwa kuwa uzito hukaribia mhimili na mzigo hupungua sana. Ashushe mguu mmoja kwa wakati, ncha ya kidole iguse mkeka, kisha arudi. Mikono kuiweka chini ya makalio ni msaada unaokubalika kwa muda, kwa sababu hulikunja fupanyonga kidogo kuelekea upande unaotakiwa, lakini usiuchukulie kuwa ni sehemu ya zoezi.

Kuna namna moja ya kuligeuza zoezi hili liwe la rektasi ya tumbo kwelikweli. Miguu ikiwa wima au magoti yakiwa kifuani, usiishie hapo: inua makalio kutoka kwenye mkeka kwa sentimita 5 hadi 10, ukivuta kinena kuelekea mbavuni, kisha uyashushe taratibu. Rudisha vidole viwili kwenye fikra: umbali umepungua, safari hii kutokea chini. Ni kranchi iliyopinduliwa. Kanuni hiyohiyo inatawala kwa anayening’inia kwenye bomba. Hadi mapaja yafike usawa wa nyonga, kazi ya kusogeza ni ya nyonga, na tumbo linashikilia tu. Magoti yanapopanda kuelekea kifuani na fupanyonga likaanza kujikunja, ndipo rektasi ya tumbo inapoanza kufupika. Anayebembea kama pendulo hapati hata kimoja.

Kuyapanga pamoja

Kwa mtu mwenye hali kama ya dereva wetu, yaani nyonga zenye nguvu na tumbo linaloachia mapema, nilianza na siku tatu kwa wiki, zikipishana kwa angalau siku moja. Wiki ya kwanza hadi ya tatu zilikuwa za kranchi, seti 3 za marudio 8, na kushusha miguu kwa taulo, seti 3 za marudio 6. Hakupiga sitapu hata moja. Wiki ya nne hadi ya sita tuliongeza kushuka kutoka kuketi, seti 2 za marudio 5, kwa mikono iliyonyooka mbele. Wiki ya saba ndipo alipojaribu sitapu nzima bila kushikwa. Tulitanguliza kranchi kila siku tumbo likiwa bado bichi, kwa sababu tumbo lililochoka huikabidhi kazi nyonga kimyakimya.

Mwenye shida kinyume, ambaye tumbo lina nguvu lakini goti halipandi vizuri, kama mkimbiaji anayechoka mbele ya nyonga, atahitaji zaidi kuinua miguu na sehemu ya pili ya sitapu. Misuli ya kukunja nyonga si adui. Bila hiyo hakuna kupanda ngazi. Na anayeyafanya yote haya ili kuondoa kitambi ajue kwamba mafuta yaliyo juu ya msuli hayayeyuki kwa sababu msuli ulio chini yake umefanya kazi.

Acha zoezi papo hapo ukisikia maumivu yanayoshuka makalioni hadi mguuni, ganzi, au uvimbe unaotokeza kinenani au kitovuni, ambao unaweza kuwa ngiri, na umwone daktari. Mwanamke aliyejifungua karibuni, akiona tuta linainuka katikati ya tumbo anapojikunja, asiendelee na yoyote kati ya haya matatu hadi apimwe, kwani ule mstari wa kano wa katikati huenda bado umetanuka. Mkwaruzo au mlio wa “tak” mbele ya nyonga wakati wa kushusha miguu, bila maumivu, mara nyingi ni kano inayopita juu ya mfupa. Kukunja magoti kidogo na kupunguza mwendo huutuliza kwa kawaida. Ukiambatana na maumivu, usiulazimishe.

Mwisho wa wiki ya nane taulo la dereva lilikuwa linatoka kwenye nyuzi 35. Kranchi alifika 12 kwa seti tatu akiwa na kilo 2 kifuani. Sitapu bila kushikwa alizipata 9, na ya kumi miguu ilimruka. Akacheka, akaniambia zamani alikuwa akipiga 50, kisha akauliza tena kama kweli ni zoezi lilelile.